Safu Tupu ya Ukurasa wa Pili

Binti yangu alirudi nyumbani wakati watu wako kazini, akaketi jikoni na sare yake ya unesi, viatu hajavua. Mama yake akamwuliza kama anaumwa. Mimi siku ile nilikuwa nimepumzika, niko chini ya sinki nabanana na bomba lililokuwa likivuja, nikatoka na spana mkononi.

"Wamenisimamisha," akasema. "Kesho asubuhi nakaa mbele ya kamati. Wakiamua nilifanya uzembe, wanapeleka jina langu baraza la wauguzi. Leseni kwisha."

"Uzembe gani?"

"Mtoto wa degedege. Nimempa nusu ya dozi siku mbili. Degedege ikarudi, akaanguka kitandani mama yake anaona."

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba. Anakula uji. Lakini nusu ni nusu."

Mke wangu aliweka mwiko chini. Mimi nikamwuliza binti yangu swali ambalo baba yeyote angeuliza, nikijua litamchoma: alisoma wapi kwamba ampe nusu?

"Nilisoma kwenye kishikwambi. Kile cha ofisini kwenu."

Ngoja nieleze ofisi yetu. Tunachukua vitabu na ripoti zilizochapwa, tunavitoa kwenye karatasi na kuviweka kwenye mashine. Mimi nimeacha shule mapema, nikafanya kazi ya kiwanda cha uchapaji mpaka kilipofungwa, na hapa kazi yangu ni kukata vitabu mgongo na kuskani kurasa. Wananiita Mkasi. Mwenye ofisi tunamwita Chapchap, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Kazi kubwa tuliyopata mwaka huu ilikuwa kitabu cha dozi cha hospitali ya watoto, majedwali matupu, dawa baada ya dawa. Nesi anaandika jina la dawa na uzito wa mtoto kwenye kishikwambi, nacho kinamtolea mstari wake mmoja. Hana haja ya kufunua kitabu huku mtoto anatetemeka. Ni wazo zuri, na nililisifu nyumbani mpaka wakanichoka.

"Kilikuandikia nini?" nikauliza.

"Mtoto ana kilo ishirini na mbili. Kikaniandikia: dozi ya kuanzia, mililita nne. Dozi ya kuendelea, mililita mbili. Mara ngapi kwa siku, patupu. Nikashangaa. Watoto wadogo kuliko yule wanaanziwa zaidi ya nne. Nikampigia daktari wa zamu. Akasema fuata kilichoandikwa, mpe mara mbili kama wengine. Nikafuata."

"Na kitabu chenyewe kinasemaje?"

"Kitabu kinasema mtoto wa kilo zile haanziwi na dawa hii kabisa. Anaanziwa na nyingine, hii ni ya kuendelea tu. Mililita nne, mara mbili." Akacheka kicheko kibaya. "Leo wamefungua kishikwambi mbele yangu. Kinasema hivyohivyo kama kitabu. Nne, mara mbili. Metroni ananiuliza, mwanangu, hiyo mbili uliitoa wapi? Baba, niliiona. Mimi si kichaa."

"Na daktari amesema nini?"

"Daktari anasema hakumbuki simu."

Mke wangu alitamka neno juu ya mama wa huyo daktari ambalo sitaliandika. Mimi nilirudi chini ya sinki, nikakaza nati ya bomba mpaka uzi wake ukafa. Bomba likavuja zaidi.

Asubuhi niliwahi ofisini kabla ya wengine. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilimkuta yule dada anayeandika programu zetu ameshafika, ana kikombe cha chai na macho mekundu. Yeye ana shahada mbili na anafanya kazi kama punda, ndiyo maana tunamwita Mashine. Sikumsalimu.

"Programu yako imemmaliza binti yangu," nikamwambia.

"Shikamoo na wewe, Mzee Mkasi."

"Usiniletee utani. Ulikuwa unajisifu hapa kwamba inasoma majedwali yasiyochorwa mistari. Imesoma nini? Imesoma kama mganga wa ramli."

Akaweka kikombe chini. "Kaa chini au toka nje. Lakini usinipigie kelele, mimi si mkeo."

"Mke wangu angekuwa ameshakuzaba kibao."

"Basi namheshimu. Kaa."

Nilikaa, nikamweleza. Nilipofika kwenye ile nne na ile mbili alivuta kompyuta yake. Kabla hajafungua kitu, Chapchap akaingia, shati limenyooshwa, simu mbili mkononi. Aliniona, na nikaona kwamba anajua. Mtu akijua kitu uso wake unakutangulia kusalimu.

"Mzee wangu," akasema. "Pole kwa yaliyomkuta binti. Hata mimi hospitali walinipigia juzi. Nimeangalia mwenyewe, jedwali liko sawa."

"Liko sawa tangu lini?"

"Liko sawa."

"Nimekuuliza tangu lini."

Akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa. "Sikiliza. Kama kulikuwa na tatizo dogo katika ukurasa mmoja, lilikuwa la kuskani. Ukurasa ukiskaniwa upande, mashine inasoma upande. Na nani anaskani hapa? Sasa unataka niende mbele ya kamati niseme baba mtu aliharibu, binti akadhuru? Nakusitiri, mzee. Usiharakishe kunishukuru."

Nilisimama. Ninaweza kumwinua mtu wa kimo chake. Nilifanya kazi ya kubeba marobota ya karatasi miaka mingi. Mashine ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye kioo.

"Ukurasa haukuskaniwa upande."

"Dada, hili halikuhusu," Chapchap akasema.

"Ukurasa ukilala upande, safu zinagongana. Namba mbili zinaingia chumba kimoja. Nesi angeona 'nne mbili' pamoja, kwenye safu moja. Yeye aliona nne mahali pake na mbili mahali pake, na mwisho patupu. Hiyo siyo safu kugongana. Hiyo ni safu kupotea."

"Nimesema halikuhusu."

"Nimeiandika mimi. Linanihusu mpaka kwenye mifupa."

Simu moja ya Chapchap ililia, akatoka nayo kwenye korido akitabasamu na mtu asiyemwona. Mashine akageuza kioo upande wangu.

Alikuwa ameweka kurasa mbili bega kwa bega. Kitabu kile hakina mistari ya kugawa safu, ni maneno na namba juu ya weupe. Sisi wa uchapaji tulipenda kuchapa hivyo, ni safi na macho ya mtu hayapati shida. Namba zimesimama kwa mkono wa kulia, mamoja chini ya mamoja. Jicho linaona safu kama linavyoona watu wamepanga foleni, hata kama hakuna kamba.

"Kompyuta haina jicho," akasema. "Ina namba tu. Kila neno najua linaanzia wapi kutoka ukingo wa kushoto na linaishia wapi. Sasa fanya kama kila neno lina kivuli, na vivuli vyote nivishushe chini ya ukurasa. Pale ambapo hakuna kivuli hata kimoja, kuanzia mstari wa juu mpaka wa chini, ni uchochoro. Kati ya uchochoro na uchochoro kuna safu."

Akabonyeza. Kwenye ukurasa wa kwanza maneno yakawa vibao vyeusi, na kati yao vikasimama vichochoro vitatu vyeupe, vyembamba, vimenyooka. Safu nne: uzito, kuanzia, kuendelea, mara kwa siku.

"Na hapa wapo watoto ambao chumba chao ni kitupu?" nikauliza.

"Huyu hapa, na huyu. Hakuna shida. Wenzao wa juu na chini wanaishika safu. Chumba chao kinabaki kitupu, kama inavyotakiwa." Akahamia ukurasa wa pili. "Sasa tazama."

Jedwali lilikuwa limekatika katikati, kama majedwali marefu yanavyokatika, na watoto wa kilo ishirini kwenda juu wameangukia ukurasa wa pili. Wote hao hawaanziwi na dawa ile. Safu ya kuanzia haikuwa na namba hata moja, toka juu mpaka chini. Na vichwa vya safu havikurudiwa. Mchapaji aliviweka ukurasa wa kwanza tu, akaona imetosha.

Akabonyeza. Vichochoro viwili. Kimoja chembamba, kimoja kipana kama barabara ya lori.

Sikuhitaji shahada. Pale penye barabara ndipo palipokuwa na safu. Hakuna aliyesimama ndani yake, kwa hiyo mashine ikaona nafasi moja badala ya nafasi, safu tupu, nafasi.

"Imepata safu tatu," nikasema.

"Imepata tatu. Halafu imechukua vichwa vinne vya ukurasa wa kwanza, ikavigawa kuanzia kushoto. Uzito umepata uzito. Kuanzia kumepata namba ya kuendelea. Kuendelea kumepata mara kwa siku. Mwisho ukakosa." Alikuwa anaongea polepole kama mtu anayehesabu makofi aliyopigwa. "Ile mbili ya binti yako haikuwa mililita. Ilikuwa mara mbili kwa siku."

Nikamwambia kwamba basi programu yake ni mbovu kama nilivyosema. Nilitaka awe yeye. Alikuwa karibu.

"Programu yangu haisomi ukurasa mmoja mmoja, mzee. Mimi niliiandika ikariri mipaka ya ukurasa wa kwanza na kuibeba mpaka wa pili. Inapanga kurasa kwa kufuata safu ya uzito, maana kitabu kikishashonwa mgongo maandishi ya ukurasa wa kulia na wa kushoto hayakai sawa. Halafu kila namba inaulizwa: umesimama wapi? Haiulizwi: wewe ni wa ngapi? Safu ikiwa tupu inabaki tupu." Akaelekeza kidole mlangoni. "Nani alikuja hapa akasema kazi inachelewa? Nani alikigawa kitabu ukurasa ukurasa, kila ukurasa na mashine yake na mhakiki wake, ili ziende zote kwa pamoja?"

Nilikumbuka. Nilikuwepo. Chapchap alipiga makofi kama kocha. Na wahakiki wale, vijana wa watu, kila mmoja alipewa ukurasa wake peke yake, akalinganisha namba za karatasi na namba za kioo. Namba zote zilikuwa sahihi. Hakuna hata moja iliyokosewa. Wakaweka tiki.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia kurasa za jedwali moja zisitenganishwe. Akaniambia nina woga wa kisomi."

Hapo hasira yangu ilihama, kama mtu anayehamia nyumba aliyoitafuta siku nyingi.

"Na aliporekebisha hiyo juzi," nikauliza, "alirekebisha vipi? Aliiwasha tena hiyo ya kwako?"

Mashine akarudi kwenye kompyuta. Akafungua kitu kingine, akasoma, akakunja uso. "Hapana. Ameingia kwa mkono. Amehamisha namba za ukurasa huu mmoja tu."

"Kwa hiyo kama kuna majedwali mengine yaliyokatika hivi..."

"Nyamaza kidogo."

Vidole vyake vilikimbia. Alikuwa anaiambia mashine ipite kitabu kizima na kutafuta kila jedwali linalovuka ukurasa, ambalo ukurasa wa pili una vichochoro pungufu kuliko wa kwanza. Haikuchukua muda wa kumaliza chai. Majina ya dawa yakaanza kushuka kwenye kioo, moja, jingine, jingine. Nilidhani yataishia pale, yakaendelea.

"Hii," akasema, akaweka kidole kwenye kioo. Ilikuwa dawa ya maumivu makali, ile inayofungiwa kabatini kwa kufuli. Watoto wadogo inachanganywa na maji. Wakubwa haichanganywi, kwa hiyo kwenye ukurasa wa pili safu ya maji ni tupu yote. Safu ya maji ndiyo inayotangulia. Kitabu kinasema mtoto mkubwa apewe mililita moja ya dawa, mara nne kwa siku. Kishikwambi kinasema maji mililita moja, dawa mililita nne.

"Iko hivi sasa hivi?" nikauliza. "Kwenye vishikwambi, mikononi mwa watu?"

"Sasa hivi."

Chapchap alirudi akiwa amemaliza kutabasamu. Mashine alimwonyesha. Nitasema haki: uso wake ulibadilika. Alivuta kiti. Kisha nikaona kitu kingine kinaingia taratibu, hesabu, na nikajua tumempoteza.

"Tutarekebisha," akasema. "Yote. Leo hii. Chapchap. Lakini kimyakimya."

"Hospitali ipigiwe simu sasa," Mashine akasema. "Watu waache kuvitumia mpaka tumalize."

"Ukipiga simu, wanavirudisha vyote. Mkataba kwaheri. Nyinyi wote hapa mnakula wapi? Dada, wewe rekebisha. Nani ana haraka ya kujinyonga?"

"Kurekebisha na kuhakiki ni kazi ya kutwa nzima. Katikati hapo mtoto akichomwa?"

"Manesi si wajinga, wataona mililita nne ni nyingi."

"Binti yangu aliona," nikasema. "Aliona, akauliza, akaambiwa afuate kilichoandikwa. Leo anafukuzwa kwa kufuata."

"Mzee, binti yako nitamsaidia. Nina watu kule. Nitaongea nao apewe onyo tu."

"Onyo la nini?"

"Onyo dogo."

"La nini? Taja kosa lake hapa. Moja tu. Litaje nimwambie mama yake."

Nikasema basi nakwenda kuionyesha kamati. Chapchap akasema kwamba nikitoka na kishikwambi mlangoni nisirudi. Mashine akachukua kishikwambi cha majaribio mezani, kinachosoma kulekule vinakosoma vya wodini, akanipa mkononi mbele yake. Akanipa pia kurasa mbili za kitabu zile za dawa ya kufuli, nilizozikata mimi mwenyewe.

"Mimi nabaki nairudisha programu yangu," akasema. "Na naipigia hospitali simu. Bosi akitaka aichomoe waya, ataanza na huu," akainua mkono wake.

"Mashine..." Chapchap akasema.

"Nina jina. Litafute kwenye barua ya kazi ukinifukuza."

Hospitali si mbali na ofisi. Nilikwenda kwa miguu, na watu walinipisha. Mlinzi wa mlangoni akaniuliza naenda kumwona mgonjwa gani, nikamwambia mgonjwa ni kitabu. Akaniacha nipite, nadhani kwa kuniogopa.

Kamati ilikuwa inakaa chumba cha mwisho cha korido, mlango wa kioo cha ukungu. Binti yangu alikuwa ndani, kiti cha peke yake, amevaa gauni la kawaida kwa sababu sare walimwambia asivae. Mbele yake Metroni, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba; mfamasia mkuu; yule daktari wa zamu, kijana aliyenyoa vizuri; na mtu wa utawala mwenye kalamu. Niliingia bila kubisha.

"Wewe ni nani?" mtu wa utawala akauliza.

"Baba yake."

"Baba, hapa ni kikao cha ndani. Subiri nje kama wazazi wengine."

"Baba, toka," binti yangu akasema kwa sauti ya chini. Aliona aibu, na sikumlaumu. "Tafadhali."

"Natoka. Kwanza Metroni anifungulie kitu kimoja kwenye kishikwambi chake. Si changu. Chake."

Metroni alikuwa amechoka, na watu waliochoka wakati mwingine husikiliza. "Kitu gani, mzee?"

Nikataja ile dawa ya kufuli. "Andika mtoto wa kilo thelathini. Soma kwa sauti."

"Huu ni mchezo," mtu wa utawala akasema.

"Ni mchezo, na wanaochezewa ni watoto wenu. Soma, mama."

Aliandika. Akainua miwani, akaishusha. "Maji, mililita moja. Dawa, mililita nne. Mara kwa siku..."

"Patupu," binti yangu akasema. Hakuwa anauliza. Alikuwa ameinua kichwa.

Mfamasia alinyoosha mkono akachukua kishikwambi bila kuomba. Nikaweka kurasa mbili mezani mbele yake. Sikuwa na maneno mengi. Nikamwekea kidole kwenye ukurasa wa kwanza penye safu ya maji, nikakiteremsha. Kisha nikakiteremsha kwenye ukurasa wa pili, mahali palepale, juu ya weupe mtupu mpaka chini ya karatasi. Yeye ndiye aliyemalizia. Ana kichwa chepesi yule mama, alishaelewa kabla kidole hakijafika.

"Safu tupu imeruka," akawaambia wenzake. "Kila kitu kimesogea kushoto hatua moja. Hii nne si mililita, ni mara nne." Akamgeukia binti yangu. "Na yako ilikuwa hivi?"

"Kuanzia nne, kuendelea mbili, mwisho patupu. Nimesema tangu jana. Nimesema mpaka nimekauka."

"Lakini cha degedege tulikifungua hapa, kilikuwa sawa," mtu wa utawala akasema.

"Kimesahihishwa juzi, kimyakimya, baada ya nyinyi kupiga simu," nikasema. "Mwenye ofisi aliziba tundu mlilochungulia. Mengine ameyaacha. Ninyi mnamtwisha huyu gunia, mwenye gunia yuko ofisini ananyoosha shati."

Nilimgeukia daktari. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, mengine mazuri sana. Sikupata nafasi. Metroni alikuwa ameshasimama.

"Nani yuko kwenye dawa hii leo?" akauliza.

Daktari, rangi imemtoka, akasema: "Wodi ya upasuaji. Yule mtoto aliyepasuliwa mguu. Nimeiandika asubuhi. Nimeandika apewe kwa kufuata mwongozo."

"Uliandika mililita ngapi?"

"Sikuandika mililita. Niliandika mwongozo."

Metroni alishika simu ya ukutani, akapiga wodini. Ililia ikalia. Akaiacha inaning'inia. Sijawahi kuona mwanamke wa umbo lile anatoka chumbani kwa kasi ile. Mtu wa utawala aligeuza kiti ili asikanyagwe. Mfamasia akamfuata na funguo mkononi, daktari nyuma yao. Mlangoni Metroni akageuka, akamwangalia binti yangu aliyebaki kwenye kiti chake cha peke yake.

"Wewe unakaa hapo kufanya nini?"

"Nimesimamishwa, Metroni."

"Nenda wodi ya watoto. Kisha vichanga. Kisha dharura. Kusanya kila kishikwambi, kizime, watu warudi kwenye kitabu. Wakikuuliza nani amesema, waambie mimi. Unakijua kinavyodanganya kuliko sisi wote."

"Sina sare."

"Una miguu."

Binti yangu alinipita. Hakunikumbatia wala kunishukuru. Alinisukuma begani nimpishe, kama anavyowasukuma ndugu wa wagonjwa wanaoziba njia, na viatu vyake vikapiga sakafu ya korido vikienda mbali.

Tulibaki mimi na mtu wa utawala. Alikuwa bado ameshika kalamu juu ya karatasi yake, akaniuliza aandike kikao kimeisha vipi. Nikamwambia aandike alichokiona. Akasema hajui aanzie wapi. Simu yangu ikalia, nikaona ni Chapchap, nikaiweka mezani, nikaiacha ilie mpaka ikachoka.

Baada ya muda mfamasia alirudi kuchukua zile kurasa mbili. Alikuwa anahema.

"Yule mtoto wa mguu?" nikauliza.

"Nesi alikuwa amevunja vichupa viwili vya dawa na anatafuta cha tatu. Alikuwa anajiuliza mbona nyingi. Hajamchoma."

Nilikaa chini, kwenye kiti cha binti yangu. Hasira haikuondoka. Ilikaa nami pale, nzito, ikamtazama mtu wa utawala.

"Andika jina la binti yangu," nikamwambia. "Karibu nalo andika: aliuliza. Halafu andika ni nani aliyeulizwa."

Akaandika. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka alipomaliza, nikamwomba anisomee.